Simu za Kifaransa ofisini: jina likitajwa herufi kwa herufi, ninaandika jingine

Mpokezi_wa_Soweto (mwanzisha uzi)

Habari zenu wana jukwaa, na wakubwa shikamooni. Ninafanya kazi ya mapokezi katika ofisi ndogo inayopeleka wageni mlimani, hapa Moshi, na Kifaransa changu ni cha masomo ya jioni ya miezi minane. Mgeni akiwa amesimama mbele yangu ninaelewana naye, kwa kuwa ninaiona midomo yake na yeye anauona uso wangu ukipotea. Simu ndiyo inayoniumbua.

Mwezi wa Julai mama mmoja alipiga kutoka Lyon. Alitaka kuzungumza na bosi, naye bosi alikuwa Machame akipokea kundi lililoshuka. Mama huyo alitaka tumwongezee tiketi ya ndege ya kwenda Zanzibar baada ya safari ya mlima, nami nikamwomba ataje jina lake herufi kwa herufi. Nikaandika JERRULT. Pasipoti yake ilipofika kwa barua pepe siku kadhaa baadaye, ilisomeka GIRAULT. Tiketi ilikuwa imekwisha kukatwa kwa jina langu la kubuni, gharama ya kulibadilisha ikabebwa na ofisi, na sehemu yake ikakatwa kwenye mshahara wangu.

Kosa la pili lilikuwa kwenye ujumbe. Alisema jambo kuhusu kupiga tena simu «à quinze heures», nami nikamwandikia bosi: «Ampigie saa 9 alasiri.» Bosi akapiga saa tisa, simu ikaita mpaka ikakatika. Kesho yake mama akaandika kwa ukali kwamba ofisi yetu haitimizi ahadi.

Ninaomba kujua maneno ambayo watu wa simu huyatumia kweli, na hasa ninataka mtu anieleze ilikuwaje jina la herufi saba likageuka kiasi hicho, kwa sababu nilikuwa ninasikiliza kwa makini kabisa.

---

Kijana_wa_Kijenge

Pole sana dada. Mimi ni mwongoza wageni, na Kifaransa ninakizungumza kila wiki porini, kwa hiyo nitakusaidia kwa ufupi. Ukiinua simu sema «Allô». Ukitaka kujua ni nani sema «Qui êtes-vous ?» Ukitaka asubiri sema «Attendez». Wewe ukijitambulisha sema «Je suis», kisha jina lako. Kuhusu herufi, usihangaike na alfabeti yao: tumia ile ya marubani, Alfa, Bravo, Charlie, inayojulikana dunia nzima, na tatizo lako litakuwa limekwisha.

---

Mkalimani_Njiro

Ndugu yangu wa Kijenge ameanza vizuri, lakini baadhi ya maneno aliyoyatoa yatamletea dada yetu matatizo mapya. Nimefanya ukalimani hapa Arusha kwa miaka mingi, kwenye mikutano na vilevile kwenye meza ya simu, nami nitaanza na maneno kabla ya kufika kwenye jina.

«Qui êtes-vous ?» maana yake ni «Wewe ni nani?», na kwenye simu husikika kama askari wa getini anayemhoji mtu. Karani wa Kifaransa huuliza «C'est de la part de qui ?», yaani simu hii inatoka kwa nani, na swali hilo halimkwazi hata waziri. «Attendez» si tusi, lakini ni amri. Kwenye simu husemwa «Ne quittez pas», ambayo sikioni itakufikia kama «nkite-pa», maana yake usikate. Ukijitambulisha, taja jina la ofisi, kisha «bonjour», kisha jina lako na maneno «à l'appareil». Hiyo «Je suis» inaeleweka, ila inafaa zaidi mtu anapokuona. «Allô» peke yake ni ya nyumbani. Ofisini jina la ofisi ndilo hutangulia.

Anayepiga naye ana maneno yake, na ukiyazoea hutashtuka. Atasema «Je voudrais parler à Monsieur» fulani, au kwa adabu zaidi «Pourrais-je parler à» fulani, «s'il vous plaît ?» Kama yupo, mwambie «Ne quittez pas, je vous le passe», yaani usikate, ninakuunganisha naye. Kama hayupo, mwambie «Je regrette, il est absent pour le moment», na hapo hapo, kabla hajavuta pumzi ya kukata tamaa, uliza «Vous voulez laisser un message ?», yaani kama angependa kuacha ujumbe.

Sasa tulitazame jina. Dada, masikio yako hayana kasoro. Uliisikia kila herufi, isipokuwa uliziandika kwa alfabeti tuliyofundishwa kutajia majina shuleni, yaani ya Kiingereza. Nenda nami polepole. Mama alianza na G, ambayo Mfaransa huiita «je», kwa j laini inayovutwa. Wewe ukasikia «jei» ukaandika J. Akataja I, ambayo huitwa «i». Kwa Kiingereza sauti hiyo ni ya E, ukaandika E. Akataja R, «er», hapo mkakutana. Akataja A, ambayo kwao ni «a» wazi, nawe ukasikia «aa» tunayoitumia kutaja R, ukaandika R ya pili. U, L na T zilipita salama. Ziandike kwa mpangilio: J, E, R, R, U, L, T.

Kwa hiyo herufi tatu kati ya saba zilipotea, na zote kwa sababu moja. Jozi ya hatari zaidi ni G na J, kwani zimebadilishana viti: J ya Mfaransa huitwa «ji», na sisi «ji» tunaiandika G. Ya pili ni E na I. E yao haisikiki kama e yetu hata kidogo. Ni mguno mfupi, midomo ikiwa imeviringishwa kama ya kutamka o. Hizi zikikukaa kichwani, nyingine zinazosumbua ni chache: H huitwa «ash», W huitwa «duble ve», na Y huitwa «i grek». Nimewahi kuona karani ameandika I kisha G mahali pa Y moja.

---

Mama_Kahawa_Rau

Asanteni kwa somo. Na mimi nina shida ya kupiga simu Ufaransa. Namba niliyopewa na mteja wangu wa kahawa inaanza na sifuri, nami nikipiga naambiwa namba haipo. Je, ni kwa sababu sisemi Kifaransa vizuri, au ni salio?

---

Mkalimani_Njiro

Mama, shikamoo. Hapo Kifaransa hakina hatia. Ondoa ile sifuri ya mwanzo na mahali pake weka +33, kisha tarakimu tisa zinazobaki. Namba iliyoandikwa kuanzia 06 utaipiga kuanzia +33 6.

Umenikumbusha jambo linalomhusu dada wa Soweto pia. Wafaransa hutaja namba za simu kwa jozi, si tarakimu moja moja kama sisi, na mtego uko kuanzia sabini kwenda juu. 78 husemwa «soixante-dix-huit», yaani sitini, kumi, nane. Mwenye haraka huwa ameshaandika 60 kabla hajasikia kilichobaki. 94 ni «quatre-vingt-quatorze», nne, ishirini, kumi na nne, nayo nimeiona karatasini ikiwa 42014. Kalamu na isubiri jozi iishe ndipo iandike. Ukizidiwa, sema «Chiffre par chiffre, s'il vous plaît», naye atakutajia «neuf, quatre» kama tunavyotaja huku.

---

Mrundi_wa_Majengo

Amani kwenu. Mimi ni wa Bujumbura, ninaishi Arusha kwa shughuli za usafirishaji wa mizigo, na ninapenda kuongeza kwamba si kila simu ya Kifaransa inayoita Arusha inatoka Paris. Burundi, Rwanda na Kongo zote ziko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako hapa mjini, na sisi hesabu hiyo ya «sitini na kumi» hatuitumii. Tulirithi ya Wabelgiji: sabini ni «septante» na tisini ni «nonante». Kwa hiyo 78 kwangu ni «septante-huit», na 94 ni «nonante-quatre». Thamanini tu ndiyo tunaisema kama Wafaransa, «quatre-vingts».

Mwaka jana mpokezi mmoja wa ofisi ya hapa mjini, aliyesoma Kifaransa cha vitabuni, alinisikia nikisema «nonante» akaniomba radhi kwamba haelewi Kirundi. Nilicheka, kisha nikamtajia upya kwa Kiswahili, na mzigo ukaenda. Kwa kweli wengi wetu tukipiga Tanzania tunaanza na «Allô, bonjour» na kumalizia na Kiswahili. Dada akisikia Kifaransa cha lafudhi yetu asiogope kuuliza kama Kiswahili kinafaa.

---

Mpokezi_wa_Soweto

Mwalimu wa Njiro, nimeichukua karatasi ile ya Julai kutoka kwenye faili na kuifuata herufi kwa herufi kama ulivyoeleza. Ni hivyo hivyo. Niliposoma maelezo yako ya R ya pili nilijisikia kama mtu aliyeonyeshwa miwani yake iko juu ya kichwa chake.

Nina maswali mawili. La kwanza, umesema «je vous le passe», lakini kitabu changu kina «je vous la passe». Lipi ni sahihi? La pili, vipi kuhusu ile saa tisa?

---

Mkalimani_Njiro

Yote mawili ni sahihi. «Le» ni kwa mwanamume na «la» ni kwa mwanamke, kulingana na anayetafutwa, si anayepiga wala wewe. Lugha yetu haituulizi jambo hilo, ndiyo maana tunateleza. Ukiwa na shaka taja jina lenyewe: «Je vous passe Monsieur» fulani. Kwenye «Je lui transmets le message», yaani nitamfikishia ujumbe, «lui» ni ya wote wawili, kwa hiyo hapo uko huru.

Kuhusu saa, uliibadilisha vizuri kwa Kiswahili, ila hukuihamisha nchi. «Quinze heures» kweli ni saa tisa alasiri, lakini saa tisa ya wapi? Ufaransa iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na kwa saa mbili miezi iliyobaki, kwa kuwa wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Mwezi Julai saa tisa ya Lyon ni saa kumi ya Moshi. Bosi alipopiga saa tisa yenu, kule ilikuwa saa nane mchana. Dawa yake ni swali moja: «Heure de Paris ou heure de Tanzanie ?» Na mtu wa Bujumbura naye yuko nyuma yetu kwa saa moja, mwaka mzima.

Hata hivyo kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Umeandika kwamba alisema «jambo kuhusu kupiga tena simu». Je, unakumbuka maneno yenyewe? Akisema «Je le rappelle à quinze heures», yeye ndiye atakayepiga. Akisema «Qu'il me rappelle» au «Il peut me rappeler», bosi ndiye anayetakiwa kupiga. Tofauti yote iko kwenye vineno viwili vidogo vinavyopita kama upepo, na kitenzi kinabaki kile kile.

---

Mpokezi_wa_Soweto

Hapo umenigusa penyewe, kwa sababu sikumbuki. Nilishika «rappelle» na «quinze», na vilivyobaki nikavijaza mwenyewe. Kijana wetu wa stoo anasema siku ile simu ya mezani iliita kwa muda mrefu mnamo saa kumi, nami nilikuwa nimekwenda benki. Simu hiyo haionyeshi namba ya anayepiga. Inawezekana alikuwa yeye, na inawezekana alikuwa muuza mayai.

---

Kijana_wa_Kijenge

Ninakubali kurekebishwa kuhusu «Qui êtes-vous», ingawa wageni wangu hawajawahi kulalamika. Labda porini watu husamehe. Lakini kuhusu alfabeti ya marubani ninashikilia msimamo. Dada angesema «G, Golf ?» mama wa Lyon angejibu «oui», na tiketi ingekuwa salama.

---

Mkalimani_Njiro

Huenda angejibu hivyo, na kwa kijana aliyezoea viwanja vya ndege ningekuunga mkono. Ila baadhi ya wateja wa mlimani ni wastaafu, nao hutaja herufi kwa majina ya watu, wakiunganisha na neno «comme», yaani kama. Kuna orodha ya zamani ya simu za Kifaransa: A ni Anatole, B ni Berthe, G ni Gaston, I ni Irma, J ni Joseph, R ni Raoul. Wengi hawaifuati yote na husema jina lolote linalowajia, Marie au Nicolas, nalo linakubalika. Kwa hiyo usipomsikia vizuri muulize «G comme Gaston ou J comme Joseph ?» Umchagulie mawili, yeye ajibu moja. Golf sina ugomvi nayo, lakini mtu asiyeijua ataanza kukueleza kwamba yeye hachezi gofu.

Na ujihadhari na «deux». Herufi ikirudiwa, Mfaransa haisemi mara mbili. Husema «deux l» au «deux t», yaani mbili za l, mbili za t. Nimekuta jina la Villard kwenye orodha ya wageni likiwa VI2LARD. Alama zao nazo husemwa kwa maneno: «e accent aigu» ni E moja tu yenye mkwaju juu, ambao kwenye tiketi hauandikwi, bali kwenye barua uandike. «Trait d'union» ni kistari kinachounganisha majina mawili. Kwenye barua pepe «arobase» ni @ na «tiret bas» ni _, kile kistari cha chini.

Halafu, dada, kabla hujaweka simu chini, sema «Je répète», umsomee yote tangu mwanzo kwa herufi za Kifaransa. Usome polepole, umalizie «C'est bien ça ?» Mtu akisikia jina lake limeharibiwa hatakaa kimya.

---

Mrundi_wa_Majengo

Kwenye hili la Golf na Gaston mimi niko katikati. Kwetu nikisema «G comme Gitega» au «B comme Bujumbura», kila mtu ananielewa, lakini Mfaransa wa Lyon hatanielewa. Nadhani inategemea aliye upande wa pili.

---

Mama_Kahawa_Rau

Simu imepita! Nimeondoa sifuri. Mwanamke aliyepokea alisema «kite-pa, kite-pa», nikangoja kwa utulivu kwa sababu nilikuwa nimesoma hapa, ingawa muziki wa kungojea ulikula salio lote kabla mteja wangu hajafika kwenye simu. Je, namna ya kumwomba anipigie yeye inasemwaje?

---

Mkalimani_Njiro

«Est-ce qu'il peut me rappeler ?» Kisha utaje namba yako, jozi kwa jozi au tarakimu moja moja, na uanze na +255, la sivyo ataitafuta huko huko kwao.

---

Mpokezi_wa_Soweto

Ninarudi na taarifa, kwani leo asubuhi simu imeita tena, na mara hii ni mwanamume kutoka Ubelgiji. Nilikuwa nimebandika karatasi pembeni ya simu yenye mambo manne tu: G «je» na J «ji», E na I, nani anampigia nani, saa ya wapi. Alimtaka bosi. Nikasema «Je regrette, il est absent pour le moment. C'est de la part de qui ?» Akataja jina kwa mkupuo mmoja. Nikamwomba, «Vous pouvez épeler, s'il vous plaît ?» Herufi ya kwanza ikaja: «ji». Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuanza kuchora G. Nikauzuia, nikauliza «J comme Joseph ?» Akajibu, «Oui, Joseph.»

Namba yake ilikuwa na «septante» ndani, nami nikamshukuru kimoyomoyo kaka yetu wa Bujumbura. Nilipofika kwenye ujumbe nikauliza kwa Kifaransa changu cha kuungaunga: «C'est vous qui rappelez, ou c'est lui ?» Akasema ni yeye, «vers seize heures». Nikauliza kama ni saa ya kwao au ya kwetu, akanyamaza kidogo, akacheka, akasema hakuwa amelifikiria hilo, kisha akachagua ya kwetu.

Nimemwandikia bosi: «Atapiga YEYE, saa 10 jioni, saa za Moshi.» Sasa ni saa tisa na nusu, bosi bado yuko Marangu, na mvua imeanza kunyesha. Mwalimu wa Njiro, kama hatakuwa amefika, ninamwambiaje yule bwana kwamba yuko njiani?

---

Mkalimani_Njiro

«Il est en route.» Akiuliza dakika ngapi, mwambie «une petite heure», yaani kama saa moja hivi, na barabara ya Marangu ikinyesha, usiahidi pungufu ya hapo.